Beki na kipa si wa kujazia nafasi: jinsi ya kupanga pointi za fantasi ya Ligi Kuu Bara

Msimu wetu wa kwanza wa fantasi pale kijiweni Majengo, Moshi, tulikuwa watu wanane. Tulichagua wachezaji kwa zamu, na aliyechukuliwa na mmoja hawezi kuwa wa mwingine. Raundi nne za mwanzo zilipita bila mtu kutaja jina la beki hata mmoja. Raundi ya tano jamaa mmoja akachukua kipa, wenzake wakamcheka. "Kaka, kipa unaokota tu mwishoni," wakamwambia. Msimu ulipoisha walionekana walikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichoniuma. Kama kipa unaweza kumwokota mwishoni bila kupoteza chochote, ni sisi tulioandika kanuni mbovu.

Tangu hapo ndimi ninayetunza daftari la pointi, na nimezibadilisha kanuni mara kadhaa. Mwongozo huu ni wa ligi ya aina yetu: watu wanane, kuchagua kwa zamu, Ligi Kuu Bara yenye timu 16 na mechi 30 kwa msimu. Mkicheza kwa bajeti, kila mtu akiruhusiwa kumnunua mchezaji yuleyule, hesabu zitabadilika, kwa sababu hapo bei ndiyo inayosawazisha.

Kwanza pima pengo

Kosa la kwanza ni kulinganisha jumla. Mtu anaona straika ana pointi 147 na beki ana 128, anasema tofauti ni ndogo. Lakini thamani ya mchezaji kwako ni tofauti kati yake na yule ambaye ungempata bure sokoni kama usingekuwa naye. Tofauti hiyo naiita pengo.

Tuchukue kanuni nyingi za FPL, ile fantasi ya Ligi Kuu England, ambazo sisi pia tuliziiga mwanzoni: pointi 2 kwa kucheza dakika 60 au zaidi, pointi 1 chini ya hapo, bao la straika 4, bao la beki 6, asisti 3, klinishiti 4 kwa beki na kipa, na kutolewa pointi 1 kwa kila mabao mawili timu inayofungwa.

Straika mkali wa ligi yetu tumpe mabao 18 na asisti 5 katika mechi 30. Si makadirio ya ajabu: Fiston Mayele na Saidi Ntibazonkiza walimaliza na mabao 17 kila mmoja msimu wa 2022/23. Huyo anapata 60 za kucheza, 72 za mabao na 15 za asisti, jumla 147.

Nani amebaki sokoni? Hapo inategemea kila kikosi kinaanza na mastraika wangapi. Sisi tulianza na watatu. Watu wanane mara watatu ni 24, kwa hiyo aliyebaki ni straika wa 25. Katika ligi ya timu 16, huyo ni mtu wa benchi. Tumpe mechi 15 za kuingia mwishoni, mechi 5 za kuanza, mabao 3 na asisti 1: pointi 40. Pengo ni 107.

Sasa beki. Kila kikosi kina mabeki wanne, kwa hiyo wanaotumika ni 32. Timu 16 zikianza na mabeki wanne kila moja, wapo 64. Aliyebaki ni wa 33, yaani beki wa timu ya katikati ya msimamo anayeanza kila wiki. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, maana sokoni straika ni mtu wa benchi na beki ni mtu wa kikosi cha kwanza.

Ili kujua beki anapata ngapi, huhitaji kubahatisha. Ukijua timu inafungwa wastani wa mabao mangapi kwa mechi, hesabu ya Poisson inakupa uwezekano wa klinishiti kwa ukaribu wa kuridhisha. Kwenye Excel au Google Sheets andika:

```
=EXP(-0.6)
=EXP(-1.1)
```

Timu kubwa inayofungwa 0.6 kwa mechi inapata klinishiti karibu mechi 55 katika kila 100. Timu ya katikati, ya 1.1, inapata karibu 33. Ukiweka pointi za kucheza na ukitoa za kufungwa, beki wa timu kubwa anafikisha takriban 122 kwa msimu, na wa timu ya katikati 90. Mpe beki wa kati wa timu kubwa bao moja la kona, awe na 128. Mpe yule wa sokoni asisti moja, awe na 93. Pengo ni 35.

Kwa hiyo ni 107 kwa 35. Ndiyo maana hakuna aliyetaja beki raundi nne za mwanzo.

Kuongeza pointi sawa kwa mabeki wote hakusaidii

Wazo la kwanza lililotolewa kijiweni lilikuwa kuwapa mabeki na makipa pointi 4 za kucheza badala ya 2. Tukajaribu. Jumla zao zikapanda sana, na mwaka uliofuata watu wakachagua vilevile kama zamani. Sababu ni rahisi: beki wa sokoni naye alipanda kiasi kilekile. Pengo halikusogea hata pointi moja.

Kuna hali moja tu ambapo nyongeza hiyo inafanya kazi. Kama kanuni zenu zinamruhusu mtu kubadili mfumo, leo mabeki watano na straika mmoja, kesho mabeki watatu na mastraika watatu, basi beki na straika wanagombea nafasi ileile, na jumla inaanza kuwa na maana. Kwenye kikosi chenye idadi isiyobadilika, usipoteze muda wako hapo.

Gusa idadi kabla ya kugusa pointi

Dawa yenye nguvu kuliko zote haiko kwenye jedwali la pointi kabisa. Punguza mastraika wanaoanza kutoka watatu hadi wawili, ongeza kiungo mmoja. Wanaotumika sasa ni 16, na aliyebaki ni wa 17. Huyo kwa kawaida anaanza mahali fulani: tumpe mechi 25, mabao 5, asisti 2, jumla 76. Pengo la straika mkali limeshuka kutoka 107 hadi 71, na hakuna aliyenyang'anywa pointi hata moja.

Sisi tuliishia na kipa mmoja, mabeki wanne, viungo wanne na mastraika wawili. Mkiwa watu sita, mnaweza kuacha mastraika watatu bila shida, maana mnatumia 18 tu. Mkifika kumi, hata wawili wanaanza kubana. Zidisha idadi ya watu kwa idadi ya nafasi, kisha jiulize kama mchezaji anayefuata kwenye foleni anaanza kwenye klabu yake.

Ngazi badala ya klinishiti

Klinishiti ya pointi 4 ni mlango mmoja: umepita au umebaki nje. Timu inaongoza 2-0 hadi dakika ya 89, inafungwa bao la kona, na mabeki wanne pamoja na kipa wanapoteza pointi 4 kila mmoja kwa kosa la mtu mmoja. Wiki nzima inaamuliwa na bao lile. Zaidi ya hapo, beki aliyefungwa bao moja ugenini hana tofauti kubwa na aliyefungwa matatu.

Weka ngazi. Yetu iko hivi: hajafungwa 5, bao moja 2, mawili 0, matatu kutolewa 2, manne au zaidi kutolewa 4. Yanahesabiwa mabao yaliyoingia mchezaji akiwa uwanjani tu. Kwenye jedwali, mabao yakiwa B2 na dakika C2:

```
D2: =CHOOSE(MIN(B2,4)+1,5,2,0,-2,-4)
E2: =IF(C2<60,MIN(0,D2),D2)
```

Mstari wa pili una sababu. Mwanzoni tuliandika kwamba chini ya dakika 60 ngazi haihesabiki kabisa, na beki aliyefungwa matatu akatolewa dakika ya 50 akaponyoka bila adhabu. Sasa zawadi inahitaji dakika 60, lakini adhabu haina masharti.

Niseme wazi ngazi inafanya nini, kwa sababu watu huitarajia zaidi ya uwezo wake. Kwa wastani ileile ya 0.6 na 1.1, beki wa timu kubwa sasa anapata takriban 160 na wa katikati 124. Tofauti ni 36, wakati zamani ilikuwa 32. Pengo limeongezeka kidogo tu. Ilichopunguza ngazi ni bahati: ushindi wa 2-1 sasa unamwachia beki kitu mkononi, na anayechagua mabeki kwa makini anaona matunda yake wiki baada ya wiki, hangoji zali la klinishiti.

Mtofautishe beki na beki mwenzake

Tatizo la ndani zaidi la pointi za ulinzi ni kwamba ni za timu. Mabeki wanne wa klabu moja wanapata kitu kilekile, hata kama mmoja alicheza vizuri na mwingine alikuwa anaburuzwa. Straika anafunga peke yake.

FPL walilishughulikia hili msimu wa 2025/26: beki akifikisha jumla ya 10 katika kuondosha mipira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira, anapata pointi 2. Ni kanuni nzuri, lakini inategemea kampuni zinazohesabu kila mguso wa mpira. Sisi tunatazama mechi za Azam TV kwenye kibanda umiza. Niliwahi kujaribu kuhesabu mipira iliyoondoshwa na beki mmoja kwa kalamu. Dakika ya 30 nilikuwa nimeshapotea, na jirani yangu aliyekuwa akihesabu beki huyohuyo alikuwa na namba nyingine kabisa. Usitunge kanuni ambayo watu wawili wakitazama mechi moja watapata majibu tofauti. Itawagombanisha.

Tumia kilichopo kwenye taarifa ya mechi. Tulipandisha bao la beki hadi 7 na asisti ya beki hadi 4, huku asisti ya straika ikibaki 3. Hii inawainua mabeki wa pembeni wanaopanda, watu wa mtindo wa Shomari Kapombe. Beki wa pembeni wa timu kubwa mwenye bao 1 na asisti 6 anakuwa na 160, 7 na 24, jumla 191. Wa sokoni, na asisti yake moja, ana 128. Pengo ni 63, na straika ana 71. Hao sasa wanashindana kweli.

Beki wa kati bado ana shida. Bao lake moja linamfikisha 167, pengo 39. Kwa huyu tulipata jibu kwa dada mmoja mwenye duka la dawa, mwenzetu kwenye ligi, aliyeuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: "Kwa nini nahodha wangu kila wiki ni straika?" Ni kweli. Nahodha anapata pointi mara mbili, na kwa sababu straika anaweza kufunga matatu kwa siku moja, kila mtu humpa yeye. Unahodha peke yake ulikuwa unawabeba mastraika juu ya kila hesabu tuliyosawazisha.

Tukaweka manahodha wawili: mmoja wa mbele, kiungo au straika, na mmoja wa nyuma, beki au kipa. Wa nyuma naye pointi mara mbili, hasi na chanya. Beki wa kati wa kutegemewa sasa ana kazi maalumu, na pengo lake linahesabika karibu mara mbili katika wiki anazovaa kitambaa. Si mara mbili kamili, maana usipokuwa naye ungempa mwingine wa nafuu. Lakini msimu huo beki wa kwanza alichukuliwa raundi ya pili, na aliyemchukua alikuwa beki wa kati.

Kipa ana hesabu yake

Hapa nia njema ndiyo iliyotuponza. Kila mtu anaona haki kumpa kipa pointi 1 kwa kila mara tatu anapookoa. Lakini anayeokoa sana ni kipa wa timu inayoshambuliwa sana. Tuseme wa timu kubwa anaokoa mara 2 kwa mechi na wa katikati mara 3.5. Kwa msimu, wa kwanza anapata takriban 10 na wa pili 25. Chini ya kanuni za zamani hilo lilishusha pengo la kipa kutoka 32 hadi 17. Pointi tulizodhani zinamheshimu kipa ndizo zilizowafanya makipa wote wafanane.

Kuzifuta si jibu, kwa sababu kipa hodari wa klabu ya kawaida ndiye hasa tunayetaka athaminiwe. Ley Matampi alichukua tuzo ya kipa bora msimu wa 2023/24 akiwa Coastal Union, si Yanga wala Simba. Tulichofanya ni kuziunganisha: pointi za kuokoa zinahesabika tu kama kipa amefungwa bao moja au hakufungwa. Aliyeokoa sita akafungwa manne hapati kitu, na aliyeokoa sita akafungwa moja anapata zake mbili. Kwa mfano wetu pengo linapanda hadi takriban 28. Mara alizookoa tunazihesabu kwa mechi zenye kipa aliye mikononi mwa mtu tu, na tunatumia takwimu zinazotokea kwenye skrini. Mechi isiyooneshwa, pointi za kuokoa hazipo kwa pande zote mbili.

Kisha tukarudi kwenye idadi. Timu 16, watu wanane: kila mtu alazimike kumiliki makipa wawili, mmoja aanze, mmoja benchi. Soko linabaki tupu. Hatari ni kwamba kipa wako akiumia huna mbadala, kwa hiyo tunamiliki lango: ukichukua kipa wa klabu, akikaa benchi basi aliyesimama golini siku hiyo ni wako. Sasa kila wiki unaamua nani aanze kwa kutazama ratiba, na makipa wanaanza kuchukuliwa raundi ya nne, hawaachwi tena mpaka mwisho.

Mambo matatu ya kufunga kabla ya kuanza

Weka kikomo cha wachezaji wawili wa nyuma kutoka klabu moja, kipa akiwemo. Bila hicho mtu anabeba ukuta mzima wa klabu moja, na wiki yake inakuwa mia au sifuri.

Amua nafasi za wachezaji mapema na uzifunge. Mfungaji bora wa 2023/24, Stephane Aziz Ki, alikuwa na mabao 21 akiorodheshwa kiungo. Mkimwita kiungo na bao la kiungo likawa 5, ameshawapita mastraika wote. Sisi bao la kiungo ni 4 kama la straika, na kiungo hapati chochote kwenye ngazi ya ulinzi.

Viporo navyo vina kanuni. Simba na Yanga wakiwa kwenye mashindano ya CAF, mechi zao zinasogezwa, kisha zinarundikana. Pointi ziingie wiki ambayo mechi imechezwa, na ngazi ihesabiwe kwa kila mechi peke yake. Ukijumlisha mabao ya mechi mbili kwenye ngazi moja, unamwadhibu beki kwa kucheza sana.

Jaribu kwa mechi za msimu uliopita

Chukua raundi kumi zilizokwisha, jaza vikosi, mabao na dakika, upate jumla ya kila beki kwenye safu ya F. Kwa ligi ya watu wanane wenye mabeki wanne:

```
=LARGE(F2:F65,1)-LARGE(F2:F65,33)
```

Fanya hivyo kwa kila nafasi: straika ni wa 1 na wa 17. Usitazame wa kwanza peke yake, maana anaweza kuwa na msimu wa ajabu. Angalia pia wa 4 na wa 8. Mimi nataka beki wa 4 awe na pengo lisilopungua nusu ya straika wa 4. Likizidi la straika, nimepitiliza.

Usiku wa kuchagua ndio unaothibitisha. Raundi mbili zikipita bila beki, bado pengo ni dogo. Mabeki wote wanane wa kwanza wakitoka klabu tatu tu, ngazi yako ina uzito kupita kiasi kulinganisha na asisti na mabao ya mabeki, basi punguza ile 5 iwe 4. Mastraika wakianza kuanguka hadi raundi ya nne, rudisha asisti ya beki iwe 3. Badilisha kitu kimoja kwa msimu, vinginevyo hutajua kipi kilifanya kazi. Msimu uliopita sisi tuligusa masharti ya pointi za kipa kuokoa tu, na yule jamaa aliyechekwa alichukua kipa wake wa kwanza raundi ya nne. Wawili waliomfuata wakagombania kipa mzuri aliyebaki.